Kwa Nini Barua Pepe Huvurugika Ikifika Kwenye Simu

Katibu wa chama cha akiba na mikopo huandaa taarifa ya mkutano mkuu akiwa ofisini, mbele ya kompyuta yenye kioo kipana. Anaisoma, anaona imenyooka, anaituma. Wanachama wanaifungulia ndani ya daladala au dukani, kwenye simu, nayo inawafikia ikiwa na moja ya sura mbili mbaya. Ama mistari imekatikakatika ovyo, ama maandishi yamesinyaa kiasi kwamba mtu hana budi kuyakuza kwa vidole, kisha ayasukume kushoto na kulia ili amalize sentensi moja. Simu ndiyo inayolaumiwa, lakini kosa lilikuwa limeshaingia kabla barua haijatumwa.

Kuzitofautisha sura hizo mbili hakuhitaji utaalamu: ilaze simu. Mistari iliyokatika ikijinyoosha pale kioo kinapopanuka, ugonjwa ni mikato ya mistari. Ikiwa herufi zinakua tu na barua nzima ikabaki na umbo lilelile, kuna kitu ndani yake ambacho ni kipana kuliko simu.

Tuanze na mikato. Mtu anapoandika aya kwenye kompyuta bila kugusa kitufe cha Enter, maneno hujishukia yenyewe yakifika ukingoni. Kioo kikiwa chembamba, yanashuka mapema. Kikiwa kipana, yanachelewa. Aya ya namna hiyo husomeka popote. Lakini mstari ukikatwa kwa Enter, mkato huo unakuwa sehemu ya maandishi na unasafiri nayo. Simu haina njia ya kujua kwamba mkato ule uliwekwa kwa ajili ya kioo kipana, kwa hiyo inautii, kisha inaongeza mikato yake mwenyewe pale mstari unapozidi upana wake.

Tuseme taarifa ya katibu ilikatwa kila ilipokaribia herufi 72, na simu ya mwanachama inabeba herufi 45 hivi kwa mstari. Atakachokiona ni hiki:

```
Wanachama wote mnaarifiwa kuwa mkutano mkuu
utafanyika Jumamosi saa nne
asubuhi katika ukumbi wa shule ya msingi.
Kila mwanachama afike na
kitabu chake.
```

Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, kama meno ya msumeno. Mstari wa kwanza na wa tatu umekatwa na simu. Wa pili na wa nne umekatwa na mwandishi au programu yake.

Hesabu ya herufi 72 ina historia. Kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na vioo vya kompyuta vya miongo iliyofuata, kikiwemo VT100 cha mwaka 1978, vikarithi upana huohuo. Kanuni ya barua pepe inayoitwa RFC 5322, ya mwaka 2008, bado inapendekeza mstari wa barua usizidi herufi 78. Programu zinazotuma maandishi matupu hukata humo au chini kidogo ili kuacha nafasi ya alama za majibu. Ipo dawa iliyopendekezwa mwaka 1999, `format=flowed`, ambapo nafasi tupu inayoachwa mwishoni mwa mstari humwambia mpokeaji kwamba aya inaendelea. Dawa hiyo hufanya kazi tu pale programu za pande zote mbili zinapoifahamu, na si zote zinazoifahamu.

Hata hivyo, kwa makatibu wengi mikato haitokani na programu ya barua. Inatokana na PDF. Ukinakili aya kutoka kwenye PDF na kuibandika kwenye barua, mara nyingi kila mwisho wa mstari uliokuwa kwenye ukurasa unageuka kuwa Enter halisi. Kubandika kwa Ctrl+Shift+V, ambako wengi hukutegemea, huondoa rangi na aina za herufi lakini hakuondoi mikato. Kuiondoa, yabandike maandishi kwanza kwenye Word na ufungue Ctrl+H. Badilisha `^p^p` iwe `@@` ili mipaka ya aya isipotee, kisha `^p` iwe nafasi moja tupu, mwishowe `@@` irudi kuwa `^p`. Mbinu hii inadai kuwe na mstari mtupu kati ya aya na aya. Usipokuwepo, aya zote zitaungana, na itabidi kuzitenganisha kwa mkono.

Sura ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu kitu kimoja tu kinatosha kuharibu barua nzima. Simu nyingi za Android zikishikwa wima hupanga kurasa kwa upana wa kati ya pikseli 360 na 412, hata kama kioo chenyewe kina nukta 1080. Barua ikiwa na jedwali pana kuliko hapo, baadhi ya programu huisinyaza barua yote, salamu na aya zake pia, hadi jedwali litoshe. Nyingine huacha herufi kama zilivyo na kulificha jedwali nje ya ukingo.

Mweka hazina amemkabidhi katibu jedwali la mapato lenye safu nane. Ili litoshe, aliulaza ukurasa wa A4 kwenye Word. Upana wake ni sentimita 29.7, ukiondoa pambizo za sentimita 2.54 kila upande, jedwali linabaki na sentimita 24.62, sawa na pikseli 930 hivi. Likinakiliwa kwenda kwenye barua, upana huo unaweza kubebwa nalo kama amri. Simu ya pikseli 360 inalazimika kuipunguza barua hadi chini kidogo ya asilimia 39 ya ukubwa wake. Herufi za pointi 11, ambazo ni karibu pikseli 15, zinashuka hadi pikseli 6. Hapo hata mwenye macho mazima anahangaika, sembuse mzee aliyeacha miwani nyumbani.

Anayeweza kuigusa HTML ya barua ataondoa upana uliofungwa na kuandika hivi:

```
<table style="width:100%; max-width:600px">
<img src="nembo.png" style="max-width:100%; height:auto">
```

Mstari wa pili ni wa picha, maana nembo ya chama yenye upana wa pikseli 1200 huleta balaa lilelile. Kiungo kirefu kisicho na mahali pa kukatika nacho huweza kufanya hivyo.

Lakini amri ya `width:100%` ina kikomo. Jedwali haliwezi kuwa jembamba kuliko vitu visivyokatika vilivyomo. Ukiondoa pambizo za simu, zinabaki pikseli 330 hivi. Ukizigawa kwa safu nane, kila safu inapata 41. Kiasi kama 12,450,000, kikiandikwa kwa herufi zilezile za pointi 11, kinahitaji karibu 70. Hakiingii, na barua itapanuka tena. Kwa safu nne, kila moja inapata pikseli 82, na kiasi hicho kinakaa bila shida.

Kwa hiyo katibu huyu aweke ndani ya barua jedwali la safu nne tu: jina la mfuko, mapato, matumizi na salio. Jedwali kamili la safu nane aliambatishe kama faili. Na kabla ya kuwatumia wanachama, ajitumie mwenyewe nakala moja, aifungue kwenye simu iliyoshikwa wima, kisha ailaze.