Kupima maji ya mfereji kwa kizingiti: milimita chache zinavyobadilisha hesabu

Kizingiti cha ukingo mkali ni bamba la chuma linalosimamishwa wima kukata mfereji, likiwa na pengo la mstatili lililo wazi upande wa juu. Maji yanajaa nyuma ya bamba, yanapanda hadi kwenye pengo, kisha yanaruka juu ya ukingo na kuangukia upande wa pili. Ukingo wenyewe una unene wa milimita 1 hadi 2 tu, na chuma kikizidi hapo huchongwa mshazari upande wa chini ya mto. Wembamba huo una kazi yake. Maji yanayogusa ukingo kwenye mstari mmoja tu na kuachana nao mara moja hayasuguani na chuma, na kwa sababu hiyo mwenendo wao hutabirika. Anayejua upana wa pengo na kimo cha maji juu ya ukingo anaweza kukokotoa ni lita ngapi zinapita kila sekunde bila kugusa maji yenyewe.

Hesabu inaanzia kwenye kasi. Chembe ya maji iliyo chini ya uso wa maji hutoka kwenye pengo kwa kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha kina chake. Tabaka la juu linatoka polepole, na tabaka lililo jirani na ukingo ndilo lenye kasi kuliko yote. Kimo kikiwa sentimita 15, tabaka hilo la chini lina kasi ya kinadharia ya karibu mita 1.7 kwa sekunde. Sasa kimo kikiongezeka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: nafasi ya kupitia maji inakuwa ndefu zaidi kwenda juu, na kasi nayo inaongezeka. Nafasi hukua sawasawa na kimo, kasi hukua kwa kipeuo chake, na ukizidisha hayo mawili unapata kimo kwa kipeo cha 1.5. Ndiyo maana kimo kikiwa mara mbili maji hayawi mara mbili, yanakaribia mara 2.8.

Nadharia hiyo peke yake inatoa jibu kubwa mno. Maji yakifika kwenye pengo hujibana: uso wake unashuka kabla ya kufika kwenye ukingo, sehemu ya chini inaruka juu kidogo kabla ya kuanguka, na pengo likiwa jembamba kuliko mfereji, pande zote mbili nazo hujikunja kwa ndani. Kinachopita kweli ni karibu asilimia 62 ya hesabu ya kinadharia. Mhandisi James B. Francis alilishughulikia suala hili huko Lowell, Massachusetts, ambako viwanda vya nguo viliendeshwa kwa maji ya Mto Merrimack na maji hayo yalikuwa yakilipiwa. Kutokana na majaribio aliyoyafanya mwaka 1852, alitoa kanuni ambayo bado inatumika, na kwa vipimo vya mita inaandikwa hivi:

Q = 1.84 × (b − 0.2h) × h^1.5

Hapa Q ni maji yanayopita kwa mita za ujazo kila sekunde, b ni upana wa pengo na h ni kimo cha maji juu ya ukingo, vyote kwa mita. Ile 0.2h inayotolewa kwenye upana ni malipo ya kujibana kwa pande mbili: kila upande hula sehemu ya kumi ya kimo. Kanuni ina masharti yake. Upana usipungue mara tatu ya kimo, na kutoka sakafu ya mfereji hadi kwenye ukingo, na vilevile kutoka kando ya pengo hadi ukuta wa mfereji, kuwe na angalau mara mbili ya kimo.

Tuchukue mfereji wa umwagiliaji wenye upana wa mita 1.2. Bamba lina pengo la sentimita 60 katikati, na ukingo uko sentimita 40 juu ya sakafu. Kimo kimesomwa sentimita 15, yaani mita 0.150. Upana unaofanya kazi ni 0.60 − 0.03, sawa na 0.57. Kimo kwa kipeo cha 1.5 ni 0.0581. Ukizidisha 1.84 × 0.57 × 0.0581 unapata 0.061, yaani lita 61 kwa sekunde. Masharti yote yametimia: upana ni mara nne ya kimo, na kila upande umebakiwa na sentimita 30, mara mbili kamili.

Sasa msomaji wa kipimo akosee milimita 5 na kuandika 155 badala ya 150. Hesabu itampa lita 63.9, yaani karibu lita 3 za ziada, kosa la asilimia 5. Kimo chenyewe kilikosewa kwa asilimia 3.3 tu. Kile kipeo cha 1.5 ndicho kilichokuza kosa, na kanuni ya haraka inatoka hapo: asilimia ya kosa la kimo, mara moja na nusu, ndiyo asilimia ya kosa la maji. Upana hauna tabia hii. Pengo likipimwa vibaya kwa asilimia moja, maji nayo yanakosewa kwa takriban asilimia moja, na upana hupimwa kwa utulivu, mara moja, kabla bamba halijazamishwa.

Lakini asilimia 5 ni habari njema ukilinganisha na kinachotokea kiangazi. Mfereji uleule, bamba lilelile, kimo kimeshuka hadi sentimita 4. Maji yanayopita ni lita 8.7 kwa sekunde. Mtu akikosea milimita 5 zilezile na kusoma 45, hesabu inaruka hadi lita 10.4. Kosa ni asilimia 19. Kwa siku nzima hiyo ni karibu mita za ujazo 144 zilizopo kwenye daftari na hazipo shambani. Milimita 5 ni nene kiasi cha kupotea katika mawimbi madogo ya uso wa maji, na wakati wa kiangazi ndipo wakulima wanapobishana juu ya zamu. Kipimo kinadhoofika hasa pale kinapohitajika zaidi.

Tiba ya jambo hili haiko kwenye macho ya msomaji, iko kwenye bamba. Bamba la kiangazi lenye pengo la sentimita 30 litalazimisha lita zilezile 8.7 kupanda hadi kimo cha karibu milimita 65, na kosa la milimita 5 litashuka hadi kama asilimia 11 au 12. Pengo lenye umbo la V la pembe mraba hupandisha kimo zaidi, hadi milimita 130 na ushee. Ingawa kwenye umbo hilo kosa la kimo hukuzwa mara mbili na nusu badala ya mara moja na nusu, bado jumla inabaki chini ya asilimia 10. Kwa maji machache, basi, V inashinda mstatili.

Makosa ya kusoma nayo hayafanani. Mawimbi humfanya msomaji aone juu mara moja na chini mara nyingine, na wastani wa usomaji kadhaa huyapunguza. Kosa la sifuri ni jingine kabisa. Kipimio kikifungwa sifuri yake ikiwa milimita 5 chini ya ukingo, kila usomaji wa kila siku utakuwa na milimita 5 za ziada, na wastani wa usomaji elfu moja hautaondoa hata moja. Wapo wanaotafuta sifuri kwa kufunga maji na kungoja yaache kudondoka kwenye ukingo, kisha wanaweka alama pale uso wa maji ulipo. Njia hiyo inadanganya, kwa sababu maji hushikana na kuvimba juu ya ukingo kwa milimita kadhaa kabla ya kukubali kupita. Sifuri ihamishwe kutoka kwenye ukingo hadi kwenye kipimio kwa rula iliyonyooka na pimamaji, au kwa darubini ya upimaji, na irudiwe kila msimu, maana bamba huweza kuinama au kutitia.

Mahali pa kusomea pia huleta kosa kubwa la upande mmoja. Kwa kuwa uso wa maji unashuka unapokaribia bamba, juu ya ukingo wenyewe maji yanabakiwa na takriban asilimia 85 ya kimo halisi. Anayeweka rula yake papo hapo, kama inavyoshawishi kwa kuwa ni rahisi kufika, anapata jibu pungufu kwa zaidi ya asilimia 20. Kipimio kinatakiwa kiwe nyuma ya bamba kwa umbali wa mara nne hadi tano ya kimo cha juu kinachotarajiwa. Kwa mfereji wetu, ikiwa kimo hakizidi sentimita 15, hiyo ni kati ya sentimita 60 na 75. Kisimikwe ndani ya kisima kidogo cha pembeni kilichounganishwa na mfereji kwa bomba, ili mawimbi yatulie.

Kuna kosa lisiloonekana kwenye kipimio hata kidogo: tope. Mfereji ukiwa safi, lita 61 zinalifikia bamba kwa kasi ya karibu sentimita 9 kwa sekunde, na nguvu ya mwendo huo ni sawa na nusu milimita tu ya kimo. Tope likijaa hadi usawa wa ukingo, maji yaleyale hubanwa kwenye kina cha sentimita 15 na kufika kwa kasi ya sentimita 34 kwa sekunde. Mwendo huo unalingana na kimo cha ziada cha karibu milimita 6 ambacho rula haikioni. Maji mengi zaidi yanapita kuliko yanayoandikwa, na dalili pekee ni sakafu iliyopanda nyuma ya bamba.

Upande wa chini nako kuna la kutazama. Maji yanapaswa kuanguka yakiwa yameachana na bamba, hewa ikizunguka nyuma yake. Kimo kikishuka chini ya milimita 30 hivi, maji huanza kuulamba uso wa chuma yakiteremka, na hapo kanuni haina tena nguvu. Vivyo hivyo maji ya upande wa chini yakipanda hadi kukaribia ukingo. Inashauriwa yabaki angalau sentimita 5 chini yake.

Mambo yote yakiwa sawa, bado jibu lina mipaka. Tuseme kanuni yenyewe ina shaka ya asilimia 2, upana nusu asilimia, na kimo kimesomwa kwa uangalifu wa milimita 2 juu au chini. Shaka hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa si kawaida zote kuelekea upande mmoja. Kila moja inazidishwa kwa yenyewe, majibu yanajumlishwa, kisha kinatafutwa kipeuo cha pili. Kwa kimo cha milimita 150, kimo kinachangia asilimia 2 na jumla inafika karibu asilimia 3, kwa hiyo daftari liandikwe lita 61, zaidi au pungufu lita 2. Kwa kimo cha milimita 40, kimo peke yake kinachangia asilimia 7.5 na jumla ni karibu 8. Usomaji huo uandikwe lita 8.7, zaidi au pungufu 0.7, na ziada yoyote ya tarakimu baada ya hapo haina maana.