Mzigo wa laptopu ishirini: mashine moja inakugharimu kiasi gani?

"Bosi wangu, beba zote, nakufanyia laki tatu tatu." Muuzaji wa jumla akishasema hivyo, mnunuzi wengi humpigia kichwani hesabu moja tu: mashine 20 kwa laki tatu ni milioni sita, na mtaani laptopu kama hizi zinaondoka kwa laki tano na kitu, basi faida ni laki mbili na ushee kwa kila moja. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba unanunua mashine 20 lakini huuzi mashine 20. Unauza zile zitakazopona, kwa bei ambayo bado hujaijua, baada ya saa za fundi ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Tuchukue mzigo wa HP EliteBook 840 G5 unaouzwa kwa jumla Kariakoo. Ni laptopu ya ofisini iliyotoka mwaka 2018. Kampuni za nje hubadilisha mashine za namna hii kila baada ya miaka michache, zinawauzia madalali, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika Dar es Salaam. Njiani zinapita mikono mingi, na kila mkono unachambua. Zilizo safi kabisa hutolewa mapema zikauzwa moja moja. Ndiyo maana mimi huwa siliamini sana neno "hazijapimwa". Mara nyingi mtu alishazipima, akachukua zake, na kilichobaki ndicho kilichofungwa upya kikaitwa mzigo.

Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, maana soko hubadilika kila wiki. Kinachofaa kushikwa ni mpangilio wa hesabu.

Tuseme umeufikisha mzigo dukani, na usafiri na upakuaji umekula 200,000. Umeshatoa 6,200,000. Unazipanga mezani unaziwasha. Mashine 11 ni nzima, zinataka kusafishwa na kuwekewa programu, na kila moja inahitaji chaja ya 30,000 kwa sababu mizigo mingi huja bila chaja. Mashine sita zina kasoro inayotengenezeka: betri imekufa, kibodi haishiki baadhi ya herufi, kioo kina mistari. Hizo tuzikadirie spea ya 70,000 kila moja kwa wastani, pamoja na chaja. Tatu zilizobaki ni vimeo. Mbili bodi imekufa, moja imefungwa kwa nywila ya BIOS ambayo mwenye nayo yuko Ulaya na hajui hata kama upo.

Chaja za zile 11 ni 330,000. Spea na chaja za zile sita ni 600,000. Sasa muda. Mashine nzima inakula saa moja ya fundi, yenye kasoro saa tatu, na kimeo kinakula saa mbili kabla hujakubali kwamba ni kimeo. Jumla ni saa 35. Watu wengi huziacha nje saa hizi kwa sababu fundi ni wao wenyewe au mdogo wao. Lakini saa hizo hizo fundi angeweza kutengeneza laptopu ya mteja aliyeingia dukani na kulipwa. Ukiweka 8,000 kwa saa, hapo kuna 280,000.

Bado waranti. Ukimwahidi mteja miezi mitatu, jua kuwa baadhi zitarudi. Kati ya 17 utakazouza, tenga gharama ya mbili, spea na muda wa kuzishughulikia: 200,000. Fedha hii itengwe siku ya kuuza. Ukingoja mpaka mteja arudi akiwa amekasirika, utakuta ilishaingia kwenye kodi ya duka.

Vimeo navyo vina thamani. Kioo, RAM, diski na kibodi vitakusaidia kwenye mashine nyingine, na ni busara kununua mzigo wa modeli moja kwa sababu hiyo hiyo, spea za moja zivae kwenye nyingine. Tuvipe 80,000 kila kimoja, yaani 240,000, tuzitoe kwenye gharama. Jumla inabaki 7,370,000. Gawanya kwa mashine 17 zitakazouzika. Kila moja imekugharimu kama 434,000, wala si laki tatu.

Upande wa kuuza ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Bei unayoiandika kwenye kikaratasi si bei ya kila mashine. Za mwanzo zinatembea haraka, kisha mzigo unalala. Mawinga nao wanakuletea wateja, na winga lazima apate cha juu, akikiweka juu ya bei yako mteja anaona ghali, akikitoa ndani ya bei yako wewe unapungukiwa. Kwa hiyo badala ya bei moja, panga ngazi. Kwenye zile 11 safi, saba zitoke kwa 580,000 na nne kwa 530,000. Zilizotengenezwa huwa na mikwaruzo, basi mbili zitoke kwa 520,000, mbili kwa 470,000, na mbili za mwisho mpe mwenye duka mwenzako kwa 400,000 ili mtaji urudi. Mauzo yote ni 8,960,000 na kinachobaki ni 1,590,000, kabla ya kodi ya pango na ya serikali. Yule wa hesabu ya kichwani alikuwa anatarajia zaidi ya milioni nne.

Kuna jambo jingine linaloshusha bei ghafla bila wewe kuharibu chochote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 rasmi inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za nyuma yake. Mashine ya kizazi cha saba na ya kizazi cha nane zinaweza kukaa rafu moja na zote zikafanya kazi vizuri, lakini mteja anayejua atailipia ya pili na kuigomea ya kwanza. Ndani ya mzigo mmoja usiridhike na jina lililoandikwa kwenye mfuniko. Washa, soma prosesa.

Sasa turudi kwenye zile tatu. Je, zikiwa sita? Tuseme mashine safi ni 9, zenye kasoro 5, vimeo 6. Ukirudia hesabu ile ile, kwa kuvipa vimeo sita 400,000 tu kwa sababu huwezi kutumia vioo sita kwa mpigo, gharama inafika 7,018,000 na mauzo yanashuka hadi 7,380,000 hivi. Imebaki 362,000 kwa kazi yote. Vimeo vitatu zaidi vimekula zaidi ya robo tatu ya faida.

Basi swali kubwa kabla ya kulipa ni vimeo vingapi vimo. Wauzaji wengi watakuruhusu upime chache. Hapa kuna mtego wa namba ambao wazoefu pia huingia. Mzigo wa mashine 20 ukiwa na vimeo sita, ukachagua nne bila kupendelea ukakuta zote zinawaka, usishangilie. Uwezekano wa hilo kutokea ni karibu mara moja katika kila mara tano. Ukipima nane na zote zikawa nzima, uwezekano unashuka hadi kama mara mbili katika mia. Na hayo yote ni kama wewe ndiye uliyechagua. Nne alizozitoa muuzaji kwa mkono wake, tena zilizokuwa juu ya boksi, hazikuambii kitu kuhusu zilizo chini.

Kupima kwenyewe si kuona mwanga wa kioo. Ingia kwenye BIOS. Kwa HP bonyeza F10 mara mashine inapowaka. Ikidai nywila, hiyo itakusumbua. Kisha angalia betri kwa amri hii, ukiwa umeifungua kama msimamizi wa mashine:

```
powercfg /batteryreport
```

Kwenye ripoti tazama mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikisema 50,000 mWh na ya pili 25,000, betri imebaki nusu, na mteja wako atagundua wiki ya kwanza. Betri iliyovimba utaijua bila ripoti, maana huinua sehemu ya kipanya.

Kufuli linalouma zaidi ni lile lisiloonekana. Kuna kampuni husajili laptopu zao kwenye mfumo wa Microsoft wa ofisi. Mashine itawaka na kufanya kazi vizuri, lakini siku mteja akiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inatokea picha yenye jina la kampuni ikidai akaunti ya mfanyakazi. Kuweka Windows upya hakuliondoi kufuli hilo, kwa kuwa usajili umekaa kwa mwenye mashine wa zamani, si ndani ya diski. Njia ya kulijua ni kuianzisha mashine upya kabisa ikiwa na intaneti, na zoezi hilo lina muda wake. Fanya angalau kwa zile unazozipima.

Baada ya kununua, acha kuzifikiria zile laki tatu kila unapoamua kutengeneza mashine. Fedha ya mzigo imeshatoka na hairudi kwa kuisikitikia. Mashine ikihitaji kioo cha 120,000, chaja ya 30,000 na saa tatu za 24,000, linganisha vitu viwili tu. Ukiitengeneza ukaiuza 470,000, inabaki 296,000. Kuna fundi anayekupa 200,000 ilivyo. Itengeneze. Lakini kama ina mikwaruzo na itaishia kuuzwa 370,000, itabaki 196,000, na hapo mpe fundi leo leo, kwa sababu 200,000 ya leo haina waranti wala saa tatu za mezani.

Bei ya kununulia nayo hupatikana kwa kuanzia mwisho. Anza na mauzo ya hali mbaya, yale ya vimeo sita. Toa gharama zote isipokuwa bei ya mzigo, toa na faida usiyokubali kushuka chini yake, tuseme milioni moja na nusu. Kinachobaki ni 4,862,000, yaani 243,000 kwa mashine. Muuzaji akikubali upime nane unazozichagua mwenyewe na zote zikapita, unaweza kusogea kuelekea laki tatu, maana hofu ya vimeo sita imepungua. Akigoma usipime, bei yako ni 243,000, na asipoitaka mwachie mzigo wake.