Nauli ya boda: umbali au pesa?

"Boda kwenda na kurudi elfu kumi, sikuwa nayo, nikajifungulia kwa mama." Jibu kama hili, lililoandikwa chini ya swali "Kwa nini hukujifungulia kituo cha afya?", linaonekana jepesi mpaka uambiwe ulitie kwenye kundi moja. Mama huyu alikwamishwa na umbali, au na ukosefu wa pesa?

Kila utafiti wenye maswali ya wazi, yale ambayo mtu anajibu kwa maneno yake mwenyewe, hufika hapa. Majibu mia kadhaa hayawezi kuingia kwenye ripoti jinsi yalivyo. Lazima mtu ayasome moja moja na kulipa kila jibu msimbo, yaani alama ya kundi lake: umbali, pesa, huduma mbaya na kadhalika. Kazi hiyo tunaiita kusimba. Ikifanywa na mtu mmoja, hakuna wa kujua kama makundi yametoka kwenye majibu au kichwani mwake. Ndiyo maana tunaweka wasimbaji wawili, kila mmoja anasoma majibu yaleyale peke yake, kisha tunalinganisha.

Kulinganisha huko ndiko kunakowaponza wengi. Njia inayokuja haraka ni kuhesabu ni mara ngapi wawili hao walitoa msimbo mmoja. Wakipatana kwenye majibu 80 kati ya 100, wanaandika asilimia 80 na kuendelea. Tatizo ni kwamba sehemu ya mapatano hayo wangeyapata hata bila kusoma.

Nieleze kwa hesabu ambayo nimeipanga makusudi iwe nyepesi. Kuna majibu 100 na makundi matatu. Mistari ni ya msimbaji wa kwanza, safu ni za wa pili:

| | Umbali | Pesa | Huduma | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Umbali | 36 | 13 | 1 | 50 |
| Pesa | 3 | 26 | 1 | 30 |
| Huduma | 1 | 1 | 18 | 20 |
| Jumla | 40 | 40 | 20 | 100 |

Mapatano yako kwenye mshazari: 36, 26 na 18, jumla 80. Sasa tazama jumla za pembeni. Msimbaji wa kwanza ana mazoea ya kutia nusu ya majibu kwenye umbali, na wa pili anatia 40 kati ya 100. Wafunge macho wote wawili, kila mmoja agawe karatasi ovyo lakini kwa mazoea yake hayohayo. Katika yale 40 ya wa pili, nusu zitakuwa zimeangukia umbali kwa wa kwanza pia, kwa hiyo watakutana kwenye majibu 20. Kwenye pesa, asilimia 30 ya 40 ni 12. Kwenye huduma, asilimia 20 ya 20 ni 4. Jumla watu hawa wangepatana kwenye majibu 36 bila kusoma hata neno moja.

Majibu hayo 36 hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi yao. Yanayobaki ni 64, ambayo hayawezi kupatikana ila kwa kusoma na kuelewa kwa namna moja. Kati ya hayo 64, wao wamepata 80 kutoa 36, yaani 44. Gawa 44 kwa 64, unapata 0.69. Hiyo ndiyo kapa. Aliyeileta ni mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Cohen, katika makala yake ya mwaka 1960, na kanuni yake ni fupi:

```
kappa = (Po - Pe) / (1 - Pe)
```

`Po` ni sehemu ya mapatano yaliyoonekana, hapa 0.80, na `Pe` ni yale ya kubahatisha, hapa 0.36. Kapa ikiwa 1, wamepatana kwa kila jibu. Ikiwa 0, kusoma kwao hakukuongeza chochote juu ya bahati. Inaweza pia kushuka chini ya sifuri.

Nimewahi kupata kapa ya 0.03 kutoka kwa watu wawili makini niliokuwa nimekaa nao siku tatu. Nilikaribia kuwapigia simu kwa hasira. Kumbe mmoja wao alikuwa amepanga upya faili lake kwa majina ya vijiji, kwa hiyo nilikuwa nalinganisha jibu la mama mmoja na jibu la mama mwingine. Dalili ilikuwa wazi kama ningetazama vizuri: jumla za pembeni zilifanana sana, lakini mshazarini hakukuwa na mrundikano wowote. Watu wanaoelewa makundi tofauti huacha alama ya tofauti yao mahali fulani kwenye jedwali. Mafaili yaliyopishana hutawanya kila kitu. Tangu siku hiyo kila jibu lina namba yake, na mafaili tunayaunganisha kwa namba hiyo, hatuyabandiki safu kwa safu.

Je, 0.69 inatosha? Wengi hukimbilia ngazi za Landis na Koch za mwaka 1977, ambazo zinaita 0.41 hadi 0.60 mapatano ya wastani, 0.61 hadi 0.80 mapatano makubwa, na zaidi ya hapo karibu kamili. Waandishi hao wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliichagua tu. Kwangu mimi namba hiyo ni mlango wa kurudi kwenye jedwali, na kwenye jedwali letu kuna kitu kimoja kinachopiga kelele: yale majibu 13 ambayo wa kwanza aliyaita umbali na wa pili akayaita pesa. Kinyume chake ni 3 tu. Huo si uzembe wa kupitiwa macho. Mtu akipitiwa, makosa yake huenda pande zote. Hapa kuna watu wawili wenye tafsiri mbili, kila mmoja akiishika kwa uaminifu.

Ukiyatoa yale 13 na kuyasoma, unamkuta mama wa boda, na mwenzake aliyesema zahanati iko ng'ambo ya mto na mtumbwi unalipiwa, na mwingine aliyesema gari la wagonjwa lilihitaji hela ya mafuta. Yote yanataja pesa, na yote yanataja safari. Kitabu cha misimbo, ule mwongozo wanaofuata wasimbaji, kilisema tu "Pesa: anataja gharama". Kosa lilikuwa la mwongozo. Ukirekebishwa useme kwamba gharama ya kufika kituoni huingia kwenye umbali, na kwamba pesa ni ile inayodaiwa baada ya kufika, mzozo mwingi unaisha. Uamuzi huu una uzito kuliko takwimu yenyewe: mama wa nauli anahitaji usafiri au kituo cha karibu, na kumfutia malipo ya kituoni hakutamsaidia.

Hapa pana kishawishi. Wasimbaji wakishakaa pamoja na kusahihisha 10 kati ya yale 13, mapatano yanapanda hadi 90 na kapa inaruka hadi 0.84. Namba hiyo haifai kuandikwa kwenye ripoti, kwa sababu inapima mazungumzo yao, haipimi mwongozo. Njia halali ni kuchukua majibu mengine ambayo hawajayaona, kila mmoja asimbe peke yake kwa mwongozo mpya, ndipo kapa ihesabiwe. Na nikisema peke yake nina maana ya faili lake mwenyewe. Nimeona timu ambapo msimbaji wa pili alijaza safu iliyo kando ya ile ya mwenzake, macho yake yakipita juu ya kila jawabu la mwenzake. Kapa ya namna hiyo huwa nzuri sana, na haina maana.

Akina mama wengi hutoa sababu mbili kwa pumzi moja, "ni mbali halafu manesi wakali". Kuwalazimisha wachague moja ni kupoteza nusu ya walichosema. Tunachofanya ni kuuliza swali la ndiyo au hapana kwa kila msimbo: je, jibu hili linataja umbali? Je, linataja kutendewa vibaya? Kila msimbo unapata kapa yake, na ndipo udhaifu uliokuwa umejificha unapojitokeza.

Chukua msimbo wa kutendewa vibaya na wahudumu, ambao hutajwa na wachache. Tuseme katika majibu 100 wasimbaji wote wawili wanasema hapana kwa 90, wote wanasema ndiyo kwa 1, wa kwanza peke yake anasema ndiyo kwa 5, na wa pili peke yake kwa 4. Wamepatana kwenye 91. Lakini wa kwanza kasema hapana mara 94 na wa pili mara 95, kwa hiyo hata kwa kubahatisha wangepatana kwenye takriban 90. Kapa inatoka 0.13.

Feinstein na Cicchetti walilijadili jambo hili mwaka 1990 kama kitendawili: mapatano ya juu, kapa ya chini. Wapo wanaolitumia kama sababu ya kuitupa kapa na kurudi kwenye asilimia. Wana hoja kwa upande mmoja, kwamba msimbo unaotokea mara chache hukuacha na mifano michache, na jibu moja au mawili yakibadilika kapa inayumba sana. Kwa hiyo ni vizuri kuongeza majibu kabla ya kuhukumu, na kuonyesha jedwali lote badala ya namba moja. Lakini siwezi kukubali kwamba 91 ndiyo habari ya kweli hapa. Kuna majibu 10 ambayo angalau msomaji mmoja aliona mama ametendewa vibaya, na ni 1 tu waliloliona wote wawili. Wamepatana vizuri sana kuhusu akina mama ambao hawakulalamika.

Kapa haiwezi kukuambia nani kati yao yuko sahihi. Hata ingekuwa 1, wawili waliofundishwa na mtu mmoja wanaweza kukosea pamoja kuanzia jibu la kwanza hadi la mwisho. Kwa yale majibu 9, kazi iliyobaki ni ya kusoma. Mojawapo linaweza kuwa hivi: "Nesi aliniambia nisipige kelele, nikanyamaza, wa pili nikazalia nyumbani." Msimbaji mmoja anasoma maneno ya kawaida ya chumba cha kujifungulia. Mwingine anasoma "wa pili nikazalia nyumbani", na kuweka alama ya ndiyo. Mwongozo mpya unapaswa kuwaambia waangalie alichoamua mama baada ya maneno yale, wasipime ukali wa maneno yenyewe. Kisha wapewe majibu mengine 100.