Matundu ya Ruta Yakijaa Dukani, Ununue Nini?

Ruta nyingi zinazofungwa madukani zina matundu manne yaliyoandikwa LAN kwa ajili ya vifaa vya ndani, na tundu moja la WAN linaloingiza intaneti. Duka likiwa na kompyuta ya kaunta, printa ya risiti, kompyuta ya ofisini na mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi, manne yamekwisha. Siku unapoongeza kompyuta ya stoo, inabidi uende kutafuta kisanduku cha kuongeza matundu. Muuzaji anaweza kukuwekea mezani vitatu vinavyofanana kabisa, vyote vidogo, vyote vina safu ya matundu na taa za kijani: habu, swichi na ruta nyingine.

Unachohitaji ni swichi. Lakini ni vizuri ujue kwa nini, maana mwenye duka anayenunua ruta ya pili badala ya swichi hujiletea tatizo ambalo mafundi wengi huchelewa kulitambua.

Habu ndiyo nyepesi kuielewa, kwa sababu haijui lolote kuhusu vifaa vilivyochomekwa kwake. Kinachoingia kwa tundu moja inakitoa kwenye mengine yote, kama mpiga debe anayetangaza safari kwa kituo kizima ilhali abiria wake ni mmoja. Kaunta ikituma risiti kwa printa, nakala inafika ofisini, stoo na kwenye mashine ya kamera. Kila kifaa kinautazama ujumbe, kikiona si wake kinautupa. Vifaa viwili vikituma kwa wakati mmoja, ujumbe unagongana, na vyote hulazimika kusubiri kidogo na kurudia. Picha za kamera, ambazo hazipumziki, hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo ya pamoja. Zaidi ya hayo, mtu yeyote akichomeka kompyuta yake kwenye habu anaweza kunasa mawasiliano ya vifaa vingine. Leo habu za mtandao hupatikana zaidi kwenye vitu vya mtumba. Ziache huko huko. Ile habu ya USB inayouzwa kila mahali ni kitu kingine, haiunganishi kompyuta na kompyuta.

Swichi ina kumbukumbu. Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na namba yake ya tarakimu na herufi kumi na mbili, mara nyingi imebandikwa nyuma, mfano 00-1B-44-11-3A-B7. Ujumbe ukiingia, swichi husoma namba ya aliyeutuma na kukumbuka kwamba kifaa hiki kipo tundu la 2. Kaunta ikiitafuta printa kwa mara ya kwanza, swichi bado haijui ilipo, hivyo hupeleka ujumbe kwenye matundu yote. Printa ikijibu tu, imeshajulikana, na kuanzia hapo risiti zinakwenda kwake peke yake. Wakati huo huo ofisi inaweza kutazama kamera bila kaunta kuchelewa. Kifaa kikikaa kimya kwa muda, kwa kawaida dakika tano hivi, namba yake hufutwa na kusomwa upya kitakapoongea, ndiyo maana unaweza kuhamisha waya kutoka tundu la 2 kwenda la 5 bila kuseti chochote.

Kuifunga ni kazi ndogo: umeme, kisha waya mmoja kutoka tundu lolote la LAN la ruta hadi tundu lolote la swichi. Piga hesabu kabla ya kulipa, maana waya huo unakula tundu moja kila upande. Swichi ya matundu matano inakuongezea nafasi tatu tu, ya manane inakuongezea sita. Kwa duka lenye kamera na printa, mimi ningechukua ya manane.

Ruta ina kazi tofauti kabisa: inakaa mpakani, kati ya mtandao wa duka na mtandao wa nje. Kwa ndani hugawa anwani kwa kila kifaa, mfano 192.168.1.25, na mgao huo kwenye mipangilio yake unaitwa DHCP. Kifaa kikitaka kutoka nje, ruta huiondoa anwani hiyo na kuweka yake, kisha hukumbuka nani aliomba nini ili jibu likirudi limfikie. Kinachokuja kutoka nje bila kuitwa hukizuia. Hapo ndipo ruta ya pili inapoleta shida, kwa sababu nayo itaweka mpaka wake, safari hii katikati ya duka lako.

Tuseme umenunua ruta ya pili. Fundi amevuta waya kutoka LAN ya ile ya zamani na kuuchomeka WAN ya hii mpya, kisha kaunta na printa akaziweka kwenye mpya. Intaneti ipo, risiti zinatoka, fundi analipwa na kuondoka. Baadaye ofisi inataka kuchapa orodha ya bidhaa, na printa haionekani. Watu huanza kubadilisha waya, hata printa yenyewe. Ukaguzi wa kweli ni wa dakika moja: kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, na ufanye hivyo kaunta na ofisini. Kaunta itaonyesha hivi:

```
IPv4 Address. . . : 192.168.0.101
Default Gateway . : 192.168.0.1
```

Na ofisi hivi:

```
IPv4 Address. . . : 192.168.1.25
Default Gateway . : 192.168.1.1
```

Tazama namba ya tatu: huku 0, kule 1. Hiyo ni mitandao miwili ndani ya duka moja. Kwa ruta mpya, kompyuta ya ofisini ni mtu wa nje, na inamzuia kama ilivyotengenezwa kufanya.

Wengine huchomeka waya LAN kwa LAN na kuacha DHCP ikiwa imewashwa kwenye zote mbili. Hapo kuna wagawaji wawili wa anwani. Kompyuta inayowashwa asubuhi inamfuata aliyewahi kujibu, na kama ni ruta isiyo na intaneti, siku hiyo haina mtandao, ingawa jana ulikuwepo.

Ruta uliyokwisha kuinunua si hasara. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani kama 192.168.1.2 baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine kinachoitumia na kwamba ruta ya kwanza haiigawi, zima DHCP, kisha waya unaotoka ruta ya kwanza uchomeke kwenye LAN, na WAN ibaki tupu. Sasa imekuwa swichi yenye waifai.

Swichi nayo ina kosa moja la kuangalia, na hutokea sana siku za usafi: mtu anakuta waya umening'inia, anauchomeka kwenye tundu tupu, kumbe ncha yake nyingine imo kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huanza kuzunguka bila kukoma, na swichi za bei nafuu kwa kawaida haziwezi kuuzuia. Taa zote zinapepesa kwa kasi kwa pamoja na duka zima linakwama, hata waifai. Chomoa nyaya moja moja ukitazama taa hadi zipungue kasi, na kabla ya kuurudisha waya wowote, fuata ncha yake ya pili uone inakoishia.