Rangi za Kubuni Katika Sura ya Bibi

Familia nyingi za Chato na Geita bado zinatunza picha za studio za miaka ya 1950 na 1960. Mgodi wa Geita, ulioanza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966, ulikusanya watu wenye mshahara, na mtu mwenye mshahara alikwenda kupiga picha na mkewe. Picha hizo ni ndogo, nyingi zinaingia kiganjani, na zote ni nyeusi na nyeupe. Leo mjukuu anataka sura ya bibi yake ichorwe kwa rangi za mafuta, kubwa, itundikwe sebuleni. Anaipiga picha ile kwa simu, anaiingiza kwenye programu ya kutia rangi, na baada ya sekunde chache bibi amevaa khanga ya buluu. Mchoraji anapewa nakala hiyo na kuambiwa: chora kama ilivyo hapa.

Tatizo ni kwamba buluu ile haikutoka kwenye picha. Imebuniwa. Na mchoraji akishaichora kwenye turubai, hakuna atakayeitilia shaka tena.

Ili kuona kwa nini mashine hubuni, tuanze na kile kinachopotea rangi inapogeuzwa kuwa kijivu. Katika kompyuta kila nukta ya picha ya rangi ina namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Njia moja iliyozoeleka ya kuzigeuza kuwa kijivu ni hii:

```
Y = 0.299R + 0.587G + 0.114B
```

Kijani hupewa uzito mkubwa kwa sababu jicho la mwanadamu huiona kuwa angavu kuliko nyingine. Sasa tuweke khanga tatu. Ya kwanza ni nyekundu, yenye namba 200, 30 na 30. Ya pili ni kijani: 20, 120 na 40. Ya tatu ni buluu: 30, 80 na 220. Ukizipitisha kwenye kanuni hiyo, kila moja inatoa 81. Yaani khanga tatu ambazo hakuna mtu angezichanganya sokoni zinakuwa kijivu kimoja. Namba tatu zimebanwa kuwa moja, na kutoka kwenye ile moja hakuna hesabu inayoweza kuzirudisha zile tatu. Mashine ikiona 81, haina njia ya kujua. Inachoweza ni kukisia.

Inakisia vipi? Inafunzwa kwa picha za rangi zilizogeuzwa kuwa kijivu. Inaonyeshwa kijivu, inatoa rangi, kisha inalinganishwa na rangi halisi na kusahihishwa, mara nyingi mno. Mwaka 2016 Richard Zhang, Phillip Isola na Alexei Efros walitoa kazi iliyokuja kujulikana sana, ambayo mfumo wake ulifunzwa kwa picha zaidi ya milioni moja. Walikuta kwamba mashine ikiachwa itafute jibu la wastani, kitu kinachoweza kuwa chekundu, kijani au buluu hupewa rangi iliyofifia ya udongo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo katikati ya zote. Kwa hiyo waliufanya mfumo uchague kati ya makundi 313 ya rangi, na wakaongeza uzito wa zile zisizotokea mara nyingi. Matokeo yakawa picha zenye rangi zilizokolea na kupendeza. Lakini kukolea huko hakukuongeza ushahidi hata chembe. Rangi iliyofifia angalau ilionyesha kwamba mashine ina shaka. Rangi iliyokolea inaificha shaka hiyo.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi hawalifikirii: filamu ya zamani haikuona rangi kama kompyuta inavyoziona. Filamu na vioo vya picha vya mwanzoni mwa karne ya 20 viliathiriwa na buluu na kijani, lakini karibu havikuiona nyekundu kabisa. Kitambaa chekundu kilitoka cheusi. Cha buluu kilitoka cheupe-cheupe. Filamu zinazoona rangi zote zilikuja kuzoeleka baadaye, lakini kamera ya sanduku ya mpiga picha wa barabarani, ile iliyotumia karatasi badala ya filamu, iliendelea na udhaifu huo kwa muda mrefu zaidi. Mashine iliyofunzwa kwa picha za kisasa zilizoondolewa rangi haijui habari hizi. Ikiona kitambaa cheupe-cheupe, haitakisia buluu. Itakisia nyeupe au manjano. Ikiona kitambaa cheusi, haitafikiria nyekundu.

Hapo ndipo ngozi inapoingia. Ngozi yetu ya kahawia ina nyekundu nyingi ndani yake. Katika filamu isiyoiona nyekundu, mtu wa maji ya kunde hutoka mweusi kuliko alivyokuwa, na midomo yake huonekana kama imepakwa wino. Halafu, kwa upande mwingine, ikiwa picha nyingi zilizoifunza mashine ni za watu weupe, mashine huivuta kila ngozi kuelekea huko na kuitia wekundu wa machungwa mashavuni. Makosa haya mawili hayafutani. Filamu imeugeuza mwangaza wa uso, na mashine imeugeuza mwelekeo wa rangi. Mchoraji anayefuata nakala hiyo anachora ngozi ambayo bibi hakuwa nayo wala dada zake hawakuwa nayo.

Sasa tuifanye kazi hiyo hiyo kwa utaratibu unaofaa. Tuseme picha ni ya mwaka 1958: mwanamke amekaa kwenye kiti, amejifunga khanga, ana ushanga shingoni, na nyuma yake pamening'inizwa pazia la studio.

Kwanza, picha yenyewe iskaniwe, isipigwe kwa simu chini ya balbu. Kwa picha ndogo, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Faili hilo la kwanza lihifadhiwe bila kuguswa. Programu nyingi za kutia rangi huongeza pia kazi ya "kusafisha uso", na hapo hubuni kope, meno na mikunjo. Kazi hiyo izimwe, kwa sababu mchoraji anahitaji uso wa bibi, si uso unaofanana na wa bibi.

Pili, mchoraji achore kwanza kwa kijivu akifuata picha halisi. Umbo la pua, kivuli cha chini ya shavu na uzito wa kope vyote vimo kwenye mwanga na kivuli, na huo ndio ushahidi ambao picha nyeusi na nyeupe inao kweli. Rangi ije baadaye, juu ya msingi huo.

Tatu, nakala ya rangi itengenezwe kwenye tabaka lake, juu ya ile ya kijivu, kwa namna inayobadilisha rangi tu na kuuacha mwanga ulivyo. Katika programu nyingi za picha namna hiyo imeandikwa `Color`. Ukiiondolea rangi nakala hiyo ikiwa peke yake na kuilinganisha na picha ya kwanza, utaona mahali ambapo mashine imegusa mwanga. Lakini jihadhari: kipimo hiki hakithibitishi rangi. Khanga zetu tatu zilizotoa 81 zingekipita zote.

Kipimo cha rangi ni kingine, na kinafanyika kwa simu hiyo hiyo. Mpige picha ya rangi mjukuu au ndugu wa damu wa bibi, mchana, kivulini. Igeuze picha hiyo iwe kijivu, kisha itie rangi kwa programu ile ile unayotaka kuitumia. Weka ya kwanza na ya mwisho pamoja. Kama ngozi ya mjukuu imekuwa nyeupe zaidi au ya machungwa, na shati lake la kijani limekuwa buluu, umejua programu hiyo inaegemea wapi, na umejua kabla ya kuigusa picha ya bibi. Kwa rangi ya ngozi kwenye turubai, picha halisi za ndugu watatu au wanne zitamsaidia mchoraji kuliko nakala yoyote iliyotiwa rangi na mashine.

Nne, ushahidi wa nje utafutwe kwa kila kitu kilichomo kwenye picha. Khanga ina mapambo, na mapambo hayapotei kwenye kijivu. Kama ni kisutu, inajulikana kwa madoido yake, na kisutu cha kawaida ni chekundu, cheusi na cheupe. Hapo mchoraji ana sababu ya kupaka nyekundu hata kama mashine imesema kahawia. Vivyo hivyo, kama kwenye pazia la picha ya baadaye kuna bendera, mwaka ndio unaoamua. Bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 ilikuwa na kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari myembamba ya dhahabu. Buluu iliingia mwaka 1964, baada ya kuungana na Zanzibar. Buluu kwenye bendera ya picha ya mwaka 1962 ni kosa, hata ikipendeza vipi.

Wazee waulizwe, lakini waulizwe kabla ya kuonyeshwa nakala ya rangi. Shangazi akishaiona khanga ya buluu, kumbukumbu yake inaweza kuifuata. Aonyeshwe picha ya kijivu pamoja na vipande kadhaa vya vitambaa, aonyeshe kwa kidole. Na kila mzee aulizwe peke yake. Wakikubaliana bila kusikilizana, hapo pana uzito.

Mwishoni picha igawanywe sehemu tatu: rangi zilizothibitishwa, rangi zinazokisiwa kwa sababu inayoelezeka, na rangi zisizojulikana. Katika mfano wetu, khanga, ikiwa ni kisutu, na ngozi iliyopimwa kwa ndugu zinaingia katika makundi mawili ya kwanza. Ushanga na pazia haviingii. Hivyo vichorwe kwa rangi tulivu zilizo karibu na kijivu, visipewe buluu wala waridi ya kubahatisha.

Jambo hili si la sebuleni tu. Aprili 2021 jarida la Vice lilichapisha picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, zilizotiwa rangi na Matt Loughrey. Ikagundulika kwamba baadhi ya nyuso zilikuwa zimebadilishwa zikaonekana zinatabasamu. Serikali ya Kambodia ilipinga, na picha zikaondolewa. Mtu anayejipa ruhusa ya kubuni rangi yupo karibu sana na kujipa ruhusa ya kubuni uso.

Hatari inazidi pale nakala ya rangi inapotumiwa kuiongoza mashine itengeneze picha mpya za mtu huyo huyo: akiwa amesimama, akiwa shambani, akiwa na wanawe. Ngozi iliyokosewa mara moja itarudiwa katika kila picha, na wingi wake utaonekana kama uthibitisho. Katika kazi hiyo, mashine ipewe ile ya kijivu, na rangi zilizothibitishwa ziandikwe kwa maneno.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na picha kama hiyo nyumbani, mwulize mzee aliyebaki leo. Andika jibu lake kwa penseli laini nyuma ya picha: khanga ilikuwa rangi gani, nani amesema, na mwaka gani amesema. Na ukiagiza sura ichorwe, mwambie mchoraji aandike nyuma ya turubai rangi zipi zinajulikana na zipi ni za kukisia. Vitukuu wana haki ya kujua tofauti hiyo.