Mama Anarudi Kazini: Pengo la Miaka Saba Liandikwe Vipi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili. Miezi hiyo ikiisha, mtoto bado ananyonya, yaya aliyepatikana kwa shida ameondoka bila kuaga, na ukitoa nauli na malipo ya yaya mwingine, mshahara unaobaki haufiki mbali. Mama anaandika barua ya kuacha kazi akijiambia kwamba ni kwa mwaka mmoja tu. Mtoto wa pili anazaliwa. Wa kwanza anaanza shule. Siku mama anapokaa kuandika wasifu wake ili arudi ofisini, anakuta miaka saba haina mstari hata mmoja.

Shida ya pengo hilo imepimwa. Mwaka 2018 mwanasosholojia wa Marekani, Katherine Weisshaar, alichapisha utafiti ambao ndani yake wasifu za kubuni zilitumwa kwa waajiri halisi. Waombaji wote walikuwa wazazi wenye ujuzi unaolingana. Tofauti ilikuwa hali yao ya kazi: baadhi walikuwa bado kazini, wengine walikuwa wameachishwa, na wengine waliacha wenyewe ili walee watoto. Kina mama waliokuwa kazini walijibiwa katika takriban maombi 15 kwa kila 100, walioachishwa katika 10 hivi, na walioacha ili kulea katika 5 hivi. Mwajiri alimwona aliyefukuzwa kuwa ana bahati mbaya, na aliyejiondoa kuwa huenda ataondoka tena.

Utafiti mwingine ulifanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour. Watafiti walituma maombi 9,022 na kubadilisha kitu kidogo sana. Badala ya kuandika tarehe za kuanza na kuacha kila kazi, baadhi ya wasifu ziliandika idadi ya miaka iliyofanywa, kwa mfano “miaka 4”. Zilizoandikwa hivyo ziliitikiwa zaidi kwa takriban asilimia 15 kuliko zile zilizoonyesha pengo kwa tarehe. Hata zile ambazo hazikuwa na pengo kabisa zilishindwa, kwa takriban asilimia 8. Kwa maelezo ya watafiti, msomaji akiona miaka ya kazi imetajwa waziwazi, uzoefu ndio unaomkaa akilini.

Je, mama wa Mombasa au Nakuru afute tarehe zote, aandike miaka pekee? Hapana, na sababu imo katika sheria ileile ya 2007. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, ambacho hutaja tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuacha. Taarifa ya michango ya NSSF nayo inaonyesha mwezi baada ya mwezi nani alikuwa akichangiwa na lini alikoma. Fomu nyingi za maombi, hasa za serikali, zinauliza tarehe moja kwa moja. Wasifu usio na tarehe utamfikisha mwombaji mbele ya meza ya mahojiano, na hapo hapo umtie mashakani. Njia ya busara ni kuichukua faida ya utafiti wa Uingereza bila kuficha chochote: idadi ya miaka iandikwe kwanza na ionekane, tarehe zifuate kwa herufi ndogo zaidi, na pengo lipewe mstari wake.

Tuchukue mfano. Karani wa mishahara alifanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha Mombasa, akaanza Machi 2011, akaacha mwisho wa Mei 2017. Alilea watoto wawili. Kuanzia Januari 2021 alikuwa mweka hazina wa chama cha kina mama mtaani kwao, akilinganisha kila mwezi michango na taarifa ya M-Pesa. Watoto walipokuwa wote shuleni, Januari 2025 alianza kuandaa mishahara ya shule ndogo ya binafsi, siku chache kila mwisho wa mwezi. Sehemu ya kazi katika wasifu wake, kuanzia ya karibuni, inaweza kukaa hivi:

Karani wa mishahara (muda), shule ya binafsi, Mombasa
Tangu Januari 2025. Wafanyakazi 18.

Kipindi cha kulea watoto
Juni 2017 – Desemba 2024. Ndani ya kipindi hiki: mweka hazina wa chama cha akiba, miaka 4 (Januari 2021 – Desemba 2024).

Karani wa mishahara, kampuni ya uwakala wa forodha, Mombasa
Miaka 6 na miezi 3 (Machi 2011 – Mei 2017). Wafanyakazi 140.

Mstari wa malezi ni mfupi makusudi. Hauna idadi ya watoto wala umri wao, wala sababu ya yaya kuondoka. Tena haujapambwa. Wako wanaojiita “Meneja wa Kaya” na kuorodhesha chini yake upangaji wa bajeti na utatuzi wa migogoro. Kazi ya nyumbani ni kazi kweli, hakuna aliyewahi kuifanya atakayebisha, lakini afisa wa ajira akikutana na cheo cha namna hiyo hucheka au huhisi anachezewa. Uweka hazina ni jambo jingine: kuna daftari, kuna kumbukumbu za mikutano, na mwenyekiti anaweza kupigiwa simu. Kipimo ndicho hicho. Lililofanywa katika miaka ya malezi liingie iwapo yupo mtu asiye wa familia anayeweza kulithibitisha.

Tarehe nazo zina hila yake. Mtu akiandika “2011 – 2017” bila miezi, msomaji hajui kama aliacha Januari au Desemba, na kwa kawaida atafikiria lile linalomwumiza mwombaji. Kibaya zaidi ni kuivuta kazi ya zamani mbele hadi 2018 ili pengo lipungue. Cheti cha utumishi kitasema Mei 2017, na mwombaji aliyekuwa na pengo tu sasa atakuwa na pengo na uongo.

Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya hayo yote, hukaa muhtasari: sentensi tatu au nne ambazo afisa husoma akiamua kama aendelee. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuandika kitu kama hiki: “Mimi ni mama mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari, ninayetafuta nafasi ya kurudi kazini baada ya kulea watoto wangu, na niko tayari kujifunza.” Hakuna uongo ndani yake. Lakini mpishi angeweza kuyaandika maneno hayo, na dereva pia, na mwenye kuyasoma hajui bado mama huyu anafanya kazi gani. Analojua ni kwamba aliondoka na kwamba anaomba.

Karani wetu angeandika hivi: “Karani wa mishahara mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka sita, aliyeandaa mishahara ya wafanyakazi 140 kila mwezi katika kampuni ya uwakala wa forodha. Baada ya kipindi cha kulea watoto, tangu Januari 2025 anaandaa mishahara ya shule ya binafsi kwa viwango vya sasa vya NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Anatafuta kazi ya kudumu ya mishahara Mombasa au Kilifi.”

Malezi yametajwa kwa maneno sita, katikati, yakiwa yamezungukwa na kazi. Na lile neno “sasa” ndilo linalojibu hofu waliyokuwa nayo waajiri wa Weisshaar, kwa sababu linaonyesha kurudi kulikokwisha kuanza. Wengi huandika wasifu kwa Kiingereza, mpangilio haubadiliki.

Kwa nini viwango vitajwe kwa majina? Kwa sababu kazi ya mishahara Kenya imebadilika sana tangu karani huyu aondoke. Mwaka 2017, mfanyakazi wa shilingi 50,000 kwa mwezi alikatwa shilingi 200 za NSSF na shilingi 1,200 za NHIF, jumla 1,400 mbali na kodi. Februari 2023 michango mipya ya NSSF ya asilimia 6 ilianza kutekelezwa. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulikuja mwaka huohuo, ukapelekwa mahakamani, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, na SHIF ikaanza kukata asilimia 2.75. Kwa viwango vya 2025, mshahara uleule wa 50,000 unatoa 3,000 za NSSF, 1,375 za SHIF na 750 za ushuru wa nyumba. Jumla ni 5,125. Zaidi ya hayo, tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza ndipo kodi ya mapato ikokotolewe, kwa hiyo anayefuata mpangilio wa zamani atakosea kodi pia.

Hesabu hiyo ndiyo swali la mahojiano, liulizwe au lisiulizwe. Mama ambaye hajapata hata kazi ya muda anaweza kujiandaa kwa kutengeneza jedwali la mishahara mitano ya kubuni, akaikokotoa yote mpaka mkononi, akailinganisha na ya mtu aliye kazini. Jedwali hilo si kazi na halina nafasi katika orodha ya kazi, lakini katika muhtasari anaweza kusema kwa haki kwamba anavimudu viwango vya 2025, na akipewa karatasi na kalamu ataonyesha. Kila taaluma ina mabadiliko yake ya namna hii. Muuguzi ataulizwa kama leseni yake ingali hai, na mtu wa forodha ataulizwa kuhusu mfumo wa kompyuta unaotumika bandarini leo.

Linabaki suala la wadhamini, ambalo miaka saba hulivuruga kimyakimya. Msimamizi wa zamani amehama, namba yake ya simu imebadilika, na pengine kampuni yenyewe imefungwa au imenunuliwa. Ni vyema atafutwe kabla jina lake halijaandikwa, akumbushwe ni karani yupi na walifanya pamoja kazi gani, maana mdhamini anayejibu simu kwa kusema “nani huyo?” amelifunga faili. Asipopatikana, cheti cha utumishi kinashika nafasi yake kwa miaka ya zamani, na mkuu wa ile shule ndogo anaingia kuwa mdhamini wa kwanza.