Zamu za Wazazi kwa Walimu: Kupanga Saa Bila Ndugu Kugongana

Ratiba ya wazazi kuonana na walimu wa madarasa mmoja mmoja ina masharti mawili yasiyovunjika: mwalimu haonani na familia mbili kwa wakati mmoja, na mzazi hawezi kuwa katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Sharti la kwanza hutimizwa kwa urahisi pale kila mwalimu anapojaza orodha yake mwenyewe, jina la kwanza hadi la mwisho. Lakini mtindo huohuo ndio unaovunja sharti la pili. Mwalimu wa Darasa la Pili hajui mwenzake wa Darasa la Tano amempangia mama yuleyule saa ngapi, na wote wawili wanamwandikia saa 4:00 asubuhi. Kwa hiyo ratiba hii haipangwi darasa kwa darasa. Hupangwa familia kwa familia, na mtu mmoja, tuseme mwalimu wa taaluma, akiwa na orodha za madarasa yote mezani.

Hatua ya kwanza ni kujua watoto gani wanakuja kwa mzazi mmoja, na hapo majina hayatoshi. Watoto wa mama mmoja wanaweza kuwa na ubini tofauti, na binamu wanaolelewa nyumba moja wana mlezi mmoja. Namba ya simu iliyo kwenye kumbukumbu za shule husaidia, ila mtoto mmoja huenda aliandikishwa kwa namba ya baba na mdogo wake kwa namba ya mama. Njia ya uhakika ni karatasi fupi inayopelekwa nyumbani na kumtaka mzazi aandike majina na madarasa ya watoto wote atakaowafuatilia siku hiyo. Kila anayeijaza hupewa namba ya familia. Wazazi waliotengana, wakitaka kuja kila mmoja kwa wakati wake, hupewa namba mbili, maana kwenye ratiba hao ni watu wawili.

Kisha huja urefu wa zamu. Zamu ya dakika 10 maana yake ni mazungumzo ya dakika 7. Dakika 3 zilizobaki ni za kuagana, mzazi mmoja kutoka na mwingine kuingia. Shule isiyozihesabu dakika hizo huzilipa baadaye: mwalimu akichelewa dakika 2 kwa kila mzazi, mzazi wa kumi na moja atakuwa amengoja dakika 20, na ndugu waliopangwa vizuri kwenye karatasi wataanza kugongana mlangoni. Ndiyo sababu zamu moja katika kila sita huachwa wazi kama akiba.

Chukua shule ya msingi yenye mwalimu mmoja kwa kila darasa na wanafunzi 40 darasani, inayowapokea wazazi kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Muda huo una zamu 24. Zamu zinazoanza saa 3:50, 4:50, 5:50 na 6:50 zikiwekwa akiba, zinabaki 20, na kila mwalimu anahitaji asubuhi mbili, labda Ijumaa na Jumamosi. Siku hugawiwa kwa familia: watoto wote wa nyumba moja huwekwa siku moja, ili mzazi asiombe ruhusa kazini mara mbili. Anayepanga huangalia tu kwamba hakuna darasa lenye zaidi ya wazazi 20 kwa siku, na wenye mtoto mmoja ndio wanaohamishwa kusawazisha idadi.

Saa zenyewe hujazwa kuanzia familia yenye watoto wengi. Mzazi mwenye watoto Darasa la Kwanza, la Tatu, la Tano na la Saba huwekwa kwanza, ratiba ikiwa bado tupu: saa 3:00, 3:20, 3:40 na 4:00. Kati ya zamu zake kuna zamu moja ya kupumua, inayomtosha kuvuka uwanja hadi jengo jingine na kumvumilia mwalimu aliyechelewa kidogo. Saa 4:07 amemaliza. Baada yake huja wenye watoto watatu, kisha wawili, na mwisho wenye mmoja, ambao hutosha popote. Pacha walio darasa moja hupewa zamu mbili zinazofuatana, kwa kuwa mzazi wao habanduki kitini. Utaratibu wa anayewahi ndiye anayechagua huwaumiza hasa wanaostahili kusaidiwa: wenye mtoto mmoja huchukua saa nzuri mapema, na mama wa watoto wanne huachiwa vipande vilivyotapakaa asubuhi nzima.

Hata hivyo, migongano michache hujitokeza mwishoni. Tuseme familia ya 14 imepewa saa 4:00 Darasa la Pili na saa 4:00 hiyohiyo Darasa la Tano, na saa 4:20 haina miadi yoyote. Saa 4:20 ya Darasa la Tano inashikwa na familia ya 31. Hubadilishana: ya 14 inakwenda 4:20, ya 31 inarudi 4:00. Ikiwa familia ya 31 ina mtoto mwingine Darasa la Nne saa 4:00, huyo naye husogezwa hadi 4:20, na aliyekuwa na saa hiyo hurudi 4:00. Mnyororo huu hugusa saa mbili tu, na lazima ufike mwisho bila kuirudia familia ya 14, kwa sababu kila familia inayofuata huguswa kupitia miadi yake ya 4:20, na ya 14 haikuwa nayo.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kanuni aliyoithibitisha Mhungari Dénes Kőnig mwaka 1916: pande mbili zinapokutana hivi, idadi ya zamu zinazohitajika hailazimiki kuzidi miadi ya mtu mwenye miadi mingi kuliko wote. Kwa shule hii mtu huyo ni mwalimu mwenye wanafunzi 40. Ndugu, hata wawe wengi kiasi gani, peke yao si sababu ya kuongeza siku. Zipo hali zinazovunja ahadi hiyo: mapumziko kati ya zamu, wazazi wanaoweza kuja saa fulani tu, na mwalimu ambaye ni mzazi shuleni hapohapo, kwani yeye yuko pande zote mbili. Mwalimu huyo ni vyema aonane na mwenzake kabla ya saa 3:00.

Kabla ya barua kutoka, ratiba hukaguliwa. Kwenye jedwali la kompyuta lenye namba ya familia katika safu C na siku pamoja na saa katika safu D, fomula hii huandikwa mbele ya kila mtoto:

```
=COUNTIFS(C:C,C2,D:D,D2)
```

Jibu likizidi 1, ndugu wamegongana. Saa iandikwe kwa Kiswahili kila mahali, pamoja na neno asubuhi au mchana. Ujumbe wenye 9:00 peke yake huwaleta wengine saa tisa alasiri.

Siku yenyewe, orodha ya zamu hubandikwa kwenye mlango wa kila darasa, na kengele hupigwa dakika ya 7 ya kila zamu. Aliyechelewa haingizwi katikati ya wengine: husubiri zamu ya akiba inayofuata, inayoanza dakika ya 50. Mazungumzo yanayodai zaidi ya dakika 7, kama mtoto asiyejua kusoma au anayetoroka shule, hupangiwa siku nyingine papo hapo, na tarehe huandikwa kabla mzazi hajanyanyuka.